Wa bukingi na wa kuingia tu: jinsi ya kupanga foleni ya kinyozi Jumamosi

Hapa kwetu Busia, upande wa Uganda, huwezi kuendesha saluni ya wanaume kwa bukingi peke yake, maana nusu ya watu wanaoingia ni madereva wa malori wanaongoja karatasi zao forodhani na hawajui watatoka saa ngapi, wengine wamevuka mpaka kununua vitu wakaona mlango wazi wakaingia. Alafu kuna vijana wa mjini wanaotaka fedi safi kabla ya harusi, hao wanatuma meseji Wasap tangu Alhamisi. Ukiwapendelea wa bukingi, benchi linanuna. Ukiwapendelea wa benchi, mtu aliyelipa kianzio anakaa saa nzima na wiki ijayo humwoni.

Mimi nina viti vitatu, na kitu cha kwanza nilichopanga ni kwamba bukingi haizidi nusu ya kazi ya saa moja. Viti vitatu ni dakika 180 za kazi kila saa. Fedi na ndevu kwangu ni dakika 45 ukihesabu na kusafisha mashine, kunyoa kwa kawaida kama 20 au 25, kipara au mtoto wa shule 15. Kwa hiyo nachukua bukingi mbili tu kwa saa, moja saa kamili na nyingine na nusu, hizo ni kama dakika 90, zinazobaki ni za benchi na zinatosha watu wanne hivi wa kawaida. Usiweke bukingi zote saa kamili, maana viti vyote vitajaa pamoja na vitaachia pamoja, na katikati hapo benchi linakaa nusu saa bila kuona mtu akisogea, hapo ndo kelele zinaanza.

Na sitengi kiti cha bukingi. Wengine wanatenga, lakini kiti kitupu mbele ya watu sita waliokaa ni matusi, hata ueleze vipi.

Sasa ngoja niwaonyeshe inavyokuwa. Jumamosi, kuna bukingi ya saa 4:30 asubuhi. Saa 4:20 kiti cha pili kinaachia, na mwenye bukingi hajafika. Kwenye benchi wa kwanza ni dereva anataka fedi na ndevu, anayefuata ni mama na mtoto wake wa kunyolewa kipara, alafu mzee mmoja. Kinyozi asiyepanga atafanya moja kati ya mawili: atashikilia kiti kikae kitupu, au atamweka dereva bila kufikiri. Mimi kabla sijasema chochote natazama viti vingine viwili. Kama kiti cha kwanza kitaachia saa 4:35, basi dereva akae sasa hivi, mwenye bukingi akija ataingia kiti cha kwanza kachelewa dakika tano tu na hatasema neno. Sheria yangu ni dakika kumi: kama kuna kiti kitaachia ndani ya dakika kumi baada ya saa ya bukingi, hakuna sababu ya kumrusha mtu wa benchi.

Ugumu uko pale viti vyote viwili vina fedi na cha karibu kitaachia saa 4:50. Dereva akikaa kiti cha pili atakishika mpaka 5:05, na mwenye bukingi atangoja dakika ishirini. Hapo kiti kile ni cha bukingi, ila kina dakika kumi zinazokaa bure, na mtoto wa kipara anaenea humo akizidisha dakika tano tu. Lakini usimwite mtoto kabla hujaongea na dereva! Namwendea mwenyewe pale alipokaa, namwambia, "Bosi, kiti hiki kimebukiwa saa nne na nusu na kazi yako ni ndefu, haitaisha. Kile cha kwanza ni chako, saa tano kamili umekaa. Huyu mtoto nampitisha hapa, hatakuchelewesha hata dakika." Ni kweli, maana mtoto akipita au asipopita yeye angekaa saa 4:50 ileile. Mtu akielezwa kabla anakubali, akiona mtoto ameshafungwa shuka ndo anaelezwa, huyo umemkosa. Na umeona nimemwambia saa tano wakati najua ni 4:50, hiyo ni makusudi, akikaa mapema anafurahi na mimi nina nafasi kama fedi ile itavuta.

Usimwambie mtu "uko wa tatu". Wa tatu inaweza kuwa dakika ishirini au saa nzima. Mwambie saa, ili kama anataka kwenda kuangalia lori lake aende arudi, nafasi yake ipo ubaoni.

Ubao ni muhimu kuliko simu. Ubao mweupe, mstari mmoja wa watu wote, jina, saa aliyofika, anataka nini, na za bukingi zimeandikwa tangu asubuhi kwa kalamu nyekundu. Kijana wa bukingi akiingia akakaa moja kwa moja, benchi linatazama ubao linaona 4:30 nyekundu, basi. Anayeandika asiwe kinyozi. Vinyozi wengi wanalipwa kwa asilimia, ukiwaachia foleni watavuta fedi na kumwacha mzee wa kipara akikaa. Kwangu anaandika dada anayeosha vichwa, na vinyozi wanamwogopa kuliko mimi.

Huyo dada pia ndo anayefupisha foleni yenyewe. Mtu akishanyolewa anatoka kwenye kiti, kuosha, skrabu na taulo ya moto ni kwenye sinki huko nyuma. Wa piko naye apakwe alafu angojee kwenye kiti cha plastiki, asilale kwenye kiti cha kinyozi huku rangi inashika. Kwa kila mtu wa namna hiyo unaokoa dakika kumi au zaidi.

Wanaochelewa: dakika kumi za kungoja, baada ya hapo kiti kinachofuata ni cha benchi na yeye anapata kile cha baada yake, kianzio chake cha elfu mbili kinabaki kwenye hesabu yake. Akikuambia "niko njiani" muulize amepita wapi, jibu lake litakuambia kama bado yuko kitandani. Na kwenye meseji andika saa kamili na asubuhi au jioni, maana hapa mtu akiandika "4" anaweza kumaanisha saa nne ya asubuhi au 4 ya simu yake, ambayo ni saa kumi jioni. Mimi naandika zote mbili, saa 4 asubuhi, 10:00.

Anayetaka kinyozi fulani tu, naandika jina la kinyozi pembeni, anangoja kiti hicho na wenye "yeyote" wanampita. Anaelezwa hivyo akiingia.

Siku ya kuamkia Idi, Krismasi, na wiki ya kufungua shule sichukui bukingi kabisa, watoto wanakuja kwa makundi wote kipara na foleni inaenda yenyewe. Umeme ukikatika nabaki na mashine za betri mbili, kwa hiyo bukingi inashuka mpaka moja kwa saa na dada anawapigia wenye saa za mbele kabla hawajapanda boda.

Kama una kiti kimoja, hesabu hii haikufai, hakuna kiti kingine cha kumhamishia mtu. Chukua bukingi asubuhi mpaka saa tatu na jioni baada ya saa kumi na mbili, mchana wote waachie wa kuingia tu.