Re: Wateja wanaona "Private number"

"Nikipigia wageni wa boti hapa Shela wanaona 'Private number' hawashiki, na sijaficha kitu. Shida nini?"

Salaam ndugu. Anza kwa kupiga *#31#, itakwambia kama namba imefichwa kwa simu zote. Ikiwa imefichwa, kwa Android ingia setingi za simu, tafuta "Caller ID", weka "Show number". Isipofichwa basi angalia namba ulivyoziseivu, yangu ilikuwa hivyo, simu ya mkono wa pili na mwenyewe wa kwanza alitanguliza #31# kwenye namba kibao, hiyo huficha simu moja tu, nikaifuta yakaisha. Mie naitumia nikipigia tangazo la mtu nisiyemjua, mteja hapana, nani atashika simu isiyo na mwenyewe?