Mtungi wa kuzimia moto: kijani cha geji hakitoshi

"Duka la nguo linahitaji mitungi mingapi, ya kilo ngapi? Nitajuaje kama umejazwa kweli?"

Kilo 6 za poda ya ABC, kama wahudumu wanaweza kuubeba. Popote usimamapo, wa karibu usizidi mita 20 hivi. Bei uliza pamoja na ya kujaza upya, maana wizi uko huko: kijani cha geji ni presha tu, hata poda ikiwa nusu. Upime kwenye mizani. Lebo ikisema uzito kamili kilo 9, mizani ikasoma 6, kilo 3 za poda hazimo.

— Wangu ulikuwa na uzito sawasawa, kumbe ndani chokaa!

— Hapo mizani haisaidii. Simama pale wakijaza.