Automatic Weights Zikikataa Kwenye Blender: Tafuta Kipande Kisichouona Mfupa

Ujumbe `Bone Heat Weighting: failed to find solution for one or more bones` unaotokea Blender inaposhindwa kuipa meshi uzito wa mifupa unataja mifupa, na kwa sababu hiyo wengi huanza kuisogeza mifupa, kuifuta na kuijenga upya, ilhali kasoro kwa kawaida imo katika meshi. Mimi hutengeneza katuni hapa Lamu, na modeli zilizokwama katika hatua hii hunijia mara kwa mara. Ushauri wangu ni kuiacha mifupa kama ilivyo mpaka meshi ichunguzwe, na kabla ya kuichunguza ni vyema kufahamu programu inatafuta nini.

Mbinu inayotumika inatokana na kazi ya Ilya Baran na Jovan Popović ya mwaka 2007. Kila nukta ya meshi hutafutiwa mfupa ulio karibu nayo zaidi, kisha programu huangalia kama mstari kutoka kwenye nukta hiyo hadi kwenye mfupa unapita bila kukatwa na uso wowote wa meshi ileile. Ukipita, nukta hupokea joto, yaani uzito wa kuufuata mfupa huo, moja kwa moja, na kadiri mfupa ulivyo karibu ndivyo joto linavyokuwa kali. Ukikatwa, nukta haipokei kitu kwa njia hiyo, bali hungoja joto liifikie kupitia kwa jirani zake walioungana nayo. Ndiyo sababu nukta chache zilizofichwa hazileti shida. Shida huja pale kipande kizima cha meshi kinapokuwa kisiwa, yaani hakikuungana na kingine, na ndani yake hakuna hata nukta moja inayouona mfupa wake. Kipande hicho hakina chanzo cha joto, hesabu yake haina jibu moja, na kwa kuwa meshi nzima hukokotolewa kwa pamoja, kipande kimoja kidogo hukwamisha mwili wote.

Kijana mmoja wa Malindi aliniletea modeli ya nahodha wa jahazi: mzee mwenye kanzu yenye darizi shingoni na kofia ya vito kichwani. Vyote alikuwa ameviunganisha kwa `Ctrl+J` kuwa kitu kimoja. Aliniuliza, "Ami, mifupa hii ina kasoro gani?" Nilimjibu kwamba mifupa haina kosa lolote, na nikamwomba atazame kofia. Mfupa wa kichwa umo ndani ya fuvu. Kofia iko nje yake. Kati yao kuna ngozi ya kichwa. Hakuna nukta ya kofia inayouona mfupa. Kanzu nayo imezuiwa na kiwiliwili na miguu, na darizi, iliyoelea juu ya kitambaa bila kuungana nacho, imezuiwa mara mbili.

Dawa yake haikuwa kuunganisha nukta, ilikuwa ni kutenganisha vitu. Katika Edit Mode unaweka kielekezi juu ya kipande, unabonyeza `L` ili kukichagua chote, kisha `P` na `Selection`. Kwa kuwa programu hupima vizuizi ndani ya kitu kimoja tu, kanzu iliyotengwa haizuiwi tena na mwili. Hata hivyo sikumshauri aipe kanzu Automatic Weights zake yenyewe, kwani uzito wake ungetofautiana kidogo na wa mwili na ngozi ingetokeza kwenye kitambaa kila mkono unapoinuliwa. Ni afadhali mwili upate uzito kwanza, kisha kanzu na darizi zinakili kutoka kwake kwa modifaya ya `Data Transfer`, ukiweka alama kwenye `Vertex Data` na `Vertex Groups`, ukichagua `Nearest Face Interpolated`, na ukibonyeza `Generate Data Layers`. Kofia ni rahisi zaidi: nukta zake zote hupewa uzito wa 1 katika kundi lenye jina la mfupa wa kichwa, basi.

Mwili peke yake ulikataa pia, na hapa ndipo usafishaji wenyewe ulipohitajika. Nilianza na `Ctrl+A` na `Scale` katika Object Mode, kwa sababu modeli ilikuwa imepunguzwa hadi 0.01, na amri ya kuunganisha nukta hupima umbali kwa vipimo vya ndani vya kitu chenyewe. Kisha, nikiwa katika Edit Mode, niliendesha mistari hii:

```python
import bpy, bmesh
bm = bmesh.from_edit_mesh(bpy.context.object.data)
print(sum(len(e.link_faces) > 2 for e in bm.edges))
print(sum(f.calc_area() < 1e-9 for f in bm.faces))
```

Namba ya kwanza ni idadi ya kingo zinazoshikwa na nyuso zaidi ya mbili. Ya pili ni nyuso zisizo na eneo. Zote mbili zilipaswa kuwa sifuri na hazikuwa. Nyuso zisizo na eneo zilikuwa kwenye vifundo vya mikono, mahali ambapo mtu alibonyeza `E` kisha akaghairi kwa kitufe cha kulia cha kipanya: kusogeza hughairiwa, lakini nukta mpya hubaki palepale juu ya zile za zamani. Nilichagua vyote kwa `A`, nikabonyeza `M` na `By Distance` kwa umbali wa kawaida wa 0.0001, na nyuso hizo zikatoweka. Usiwe na pupa ya kuongeza umbali huo, ukifika 0.01, yaani sentimita nzima kwa modeli ya kimo cha mtu, midomo na kope hugandana.

Kingo zenye nyuso tatu zilikuwa shingoni. Kichwa na kiwiliwili vilipounganishwa, uso uliofunika tundu la shingo ulibaki ndani kama ukuta unaokatiza mfupa. Ili kuuona hutumika `Select`, `All by Trait`, `Non Manifold`, ukiwa katika hali ya kuchagua nukta au kingo, na mimi huondoa alama ya `Boundaries`. Wengi huogopa kila kingo iliyo wazi na kuanza kuziba hata matundu ya macho, ilhali uwazi wenyewe hauzuii joto. Ukuta wa ndani hufutwa kwa `X` na `Only Faces`, kisha `Shift+N` huelekeza nyuso zote nje. Hatua hiyo ya mwisho si urembo: mwelekeo wa uso huingia katika kipimo cha umbali wa mfupa, na uso uliogeuzwa huweza kuchaguliwa mfupa usio wake.

Baada ya hapo `Ctrl+P` na `With Automatic Weights` zilikubali. Kutokuwepo kwa ujumbe wa kosa hakutoshi, kwa hiyo tulizungusha kila mfupa katika Pose Mode na kutafuta nukta zilizobaki nyuma.

Iwapo meshi imevurugika kiasi kwamba kuisafisha ni kazi kubwa kuliko kuichora upya, nakili mwili, uipe nakala modifaya ya `Remesh` ya aina ya `Voxel` na uithibitishe, uipe nakala hiyo Automatic Weights, kisha uhamishe uzito kwenda kwenye meshi ya asili kwa `Data Transfer` ileile. Chagua ukubwa wa vokseli ulio mdogo kuliko nafasi kati ya vidole, la sivyo vidole vitashikana katika nakala na uzito wa kimoja utahamia kwa kingine. Kwapani na kati ya mapaja hutaweza kukwepa brashi: sehemu hizo hurekebishwa kwa mkono katika Weight Paint.