Jibu: Wiki moja kabla ya mtihani wa uhamishaji joto

"Wakuu, niko Arusha, mtihani ni Jumatatu ijayo. Nianze na mada gani?"

Habari mkuu. Jumatatu na Jumanne fanya kuta za tabaka kadhaa na mabomba yenye kizuizi joto. Ni rahisi, na hesabu ya ukinzani itakurudia mada zote.

Jumatano ni vitu vinavyopoa kadiri muda unavyokwenda. Hapa ndipo mimi nilipoanguka: nilirukia fomula fupi, ile inayochukulia kitu kizima kina joto moja, bila kukagua namba ya Biot, Bi = hL/k, ambapo h ni wepesi wa uso kupeana joto na hewa, k ni uwezo wa kitu kupitisha joto ndani yake, na L ni ujazo gawanya kwa eneo la uso. Chukua kiazi cha duara, kipenyo sentimita 6, kimetolewa sufuriani kwenye upepo wa Moshi. L ni theluthi ya nusu kipenyo, yaani mita 0.01. Ukipewa h = 20 na k = 0.5, Bi ni 0.4. Imezidi 0.1, kwa hiyo katikati bado pamoto wakati ganda limepoa. Fomula fupi haifai, nenda kwenye chati. Kingekuwa alumini, k = 200, Bi ingekuwa 0.001 na fomula ingetosha.

Alhamisi hadi Jumamosi mchana ni joto linalobebwa na hewa au maji, mada ngumu kuliko zote. Tafuta namba ya Reynolds kwanza; ndani ya bomba, chini ya 2300 mtiririko ni tulivu. Ukikosea hapo, mlinganyo utakaoutumia baadaye hautakuwa wa mtiririko huo.

Mionzi iwe Jumamosi jioni. Kosa lake ni kusahau kubadili nyuzi kuwa kelvini. Jumapili fanya mtihani wa zamani, kwa saa.