Betty ni Elizabeth au Beatrice?

"Nimebadilisha majina yote ya mkato kuwa majina kamili kabla ya kuunganisha rekodi. Mbona watu tofauti wanaungana?"

Shida iko hapo kwenye kubadilisha, ndugu yangu. Hapa Nairobi Betty mmoja ni Elizabeth, mwingine ni Beatrice. Jedwali lako la majina ya mkato likiweka majina yote yanayohusiana kwenye kundi moja, Elizabeth na Beatrice wanageuka mtu mmoja kupitia kwa Betty. Acha jina lilivyoandikwa, kisha ukubali tu jozi iliyomo kwenye jedwali: Betty na Elizabeth ndiyo, Betty na Beatrice ndiyo, Elizabeth na Beatrice hapana. Yohana na John nao waingie kama jozi. Halafu unapopima kama rekodi mbili ni za mtu mmoja, jozi ya jedwali ipe alama chache kuliko majina yanayofanana herufi kwa herufi, ili tarehe ya kuzaliwa iwe na nguvu ya kuamua.