Umepanda cheo, bado unakimbilia kudai

Wadogo zangu mnaotoka uafisa mikopo kwenda kusimamia maafisa, jamani, kila mwaka ni lilelile: PAR 30, yaani asilimia ya salio lililo kwenye mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, ikipanda asubuhi, msimamizi mpya anadandia bodaboda kwenda kudai mwenyewe.

1. Usimdaie afisa wako. Tuseme afisa ana mikopo yenye salio la shilingi milioni 60. Muuza mbao mmoja ana salio la milioni 3, na rejesho lake la 250,000 limechelewa siku 35. PAR 30 inabeba salio lote la milioni 3, si rejesho tu, kwa hiyo afisa anasoma asilimia 5. Wewe fundi wa kudai unakwenda, unaganda karakanani hadi jioni, unarudi na 250,000. Kesho yake ripoti inasoma sifuri, unajiona mwamba.

Kumbe rejesho lililofuata nalo limeshachelewa siku 5. Lisipolipwa, baada ya siku 26 mkopo uleule unarudi kwenye PAR, na sasa mteja ameshajua kwamba afisa hana meno, wa kumwogopa ni bosi. Afisa naye ameshajua kukusubiri. Una maafisa 6. Wewe umekuwa wa 7.

Nenda naye, ila kabla ya kupiga hodi mkubaliane kwamba anaongea yeye. Aulize biashara imebadilika wapi, atazame mzigo uliopo, aandikiane na mteja tarehe na kiasi, ampigie mdhamini palepale. Akikosea, meza mate, mtazungumza mkishatoka. Hapo kwenye kumeza mate ndipo wadai hodari wengi wanaposhindwa, maana utamu wa kazi yao ulikuwa pesa iliyoingia kwa mkono wao. Kama siku usiyokusanya hata shilingi unaiona imepotea, kiti hiki kitakutesa.

2. Kila wiki chomoa fomu mbili za kutembelea wateja, kisha wapigie wateja wenyewe. Fomu zilizojazwa ofisini zinajulikana: kalamu ileile, mauzo ya kila siku yamefanana, picha ya duka ni ya mkopo uliopita. Ugumu ni kwamba aliyejaza huenda ni yule mliyekuwa mkila chipsi pamoja. Itabidi umwite, ufunge mlango, umwekee fomu mezani siku hiyohiyo. Ukiona unaahirisha hadi Ijumaa, halafu Ijumaa nyingine, hilo ni jibu kuhusu wewe, si kuhusu yeye.

3. Kabla ya kusaini barua, omba kukaimu meneja akiwa likizo. Uliza pia mambo mawili: bonasi itapigwa kwa kigezo gani, maana ile ya mikopo yako mwenyewe huenda ikakatika, na je, ukishindwa unaweza kurudi uafisa? Kama kuna nafasi ya afisa mwandamizi wa mikopo mikubwa, mpenda kudai asiione aibu kuiomba.