Vijiwe vya mate: maswali yenu kuhusu uvimbe wa chini ya taya

Kila nikianza kula, chini ya taya upande wa kulia panavimba na kuuma. Baada ya saa moja hivi panatulia. Ni jino?

Jino halina ratiba ya namna hiyo. Hapo pana tezi ya mate, na mate yake hupita kwenye mrija wa kama sentimita 5 unaokuja mbele hadi chini ya ulimi. Kijiwe kikikaa ndani ya mrija huo, ukianza kula tezi hutoa mate haraka kuliko yanavyoweza kupenya, nayo hutuna. Ukimaliza kula, yaliyobaki huchuruzika kidogo kidogo kando ya kijiwe na uvimbe hushuka. Ndiyo maana embe bichi lenye chumvi na pilipili litakutesa kuliko uji. Matubwitubwi hayaendi hivyo: huja na homa, huvimbisha zaidi chini ya sikio, na hayashuki baada ya mlo.

Niache maziwa?

Hapana. Kijiwe kina kalsiamu, lakini kwa kawaida kalsiamu ya damuni haina hitilafu. Tatizo ni mate ya tezi hii: ni mazito, na mrija wake unapanda, kwa hiyo hukawia njiani. Katika vijiwe 10 vya mate, 8 hivi hutokea hapa.

Nilipiga eksirei, wakasema hakuna kitu. Basi sina kijiwe?

Si lazima. Takriban kijiwe 1 kati ya 5 vya tezi hii hakionekani kwenye eksirei, na picha inayopigwa kutoka upande wa uso huweza kukificha nyuma ya mfupa wa taya. Picha inayofaa zaidi ni ile ambayo filamu inang'atwa kati ya meno na mionzi inatoka chini ya kidevu.

Vidole navyo visidharauliwe. Daktari huvaa glavu, huweka kidole kimoja chini ya ulimi na kwa mkono wa pili husukuma tezi juu kutoka nje, kisha hupapasa kutoka nyuma kuja mbele. Akianzia mbele anaweza kukirudisha kijiwe ndani. Halafu hukausha tundu la mrija, lililo kando ya kamba ya ulimi, na kuibonyeza tezi. Yanapaswa kutoka mate maangavu. Pasipotoka kitu, au pakitoka usaha, jibu limekaribia. Ultrasaundi hufuata, ingawa vijiwe vya chini ya milimita 2 huweza kuiponyoka.

Naweza kukikamua mwenyewe?

Kikiwa kidogo na kiko karibu na tundu, jaribu. Kunywa maji ya kutosha, kanda kwa kitambaa cha moto, nyonya kipande cha limau, kisha sukuma tezi kwa vidole kutoka nyuma kuelekea kidevuni, mara kadhaa kwa siku. Ikiwa kuna homa au usaha, ahirisha limau na uende hospitali, kwani antibayotiki hutangulia. Pini au kijiti cha meno usithubutu: utachana tundu, na kovu lake litaziba mrija hata kijiwe kikiisha.

Ultrasaundi imeonyesha kijiwe cha milimita 7, karibu na mbele. Kitatolewaje?

Kwa ukubwa huo hakitoki chenyewe kirahisi, lakini mahali kilipo ni pazuri. Utachomwa ganzi chini ya ulimi ukiwa macho. Kwanza daktari hupitisha uzi kuzunguka mrija *nyuma* ya kijiwe na kuukaza kidogo. Bila uzi huo, kijiwe hukimbilia kwenye tezi pindi kinapoguswa. Kisha hukata kufuata urefu wa mrija, juu ya kijiwe chenyewe, na kukichomoa. Uzi huondolewa na mate yaliyokwama humwagika. Usishangae asipokushona: kidonda kikifungwa kabisa mrija husinyaa, kwa hiyo kingo zake huachwa wazi au hushikizwa pembeni ili pawe tundu jipya.

Kingekuwa nyuma, usawa wa magego, kazi ingekuwa nyingine, maana hapo neva ya ulimi inapita chini ya mrija na ikijeruhiwa ulimi hufa ganzi. Penye vifaa, vijiwe vya hadi milimita 4 hivi huvutwa kwa kikapu cha waya kinachopitishwa kwenye kamera nyembamba ndani ya mrija. Kuiondoa tezi yote ni hatua ya mwisho, kwa mkato shingoni, kama sentimita 3 chini ya taya. Juu zaidi ya hapo kuna hatari ya kujeruhi neva inayoshusha pembe ya mdomo.

Uvimbe umekaa siku 2 bila kushuka na kumeza kunanishinda. Nisubiri miadi?

Usisubiri, nenda leo kitengo cha dharura. Ulimi ukiinuliwa na uvimbe, ukishindwa kufungua kinywa au mate yakikudondoka, maambukizi yanaweza kuziba njia ya hewa. Kijiwe kitatolewa baadaye.